"Ulimwengu upo tu, basi": je, jibu hili linatosha?

*Shikamoo Mwalimu. Nilikuwa nabishana na mwenzangu chuoni. Nikamwambia kila kitu kina chanzo, kwa hiyo ulimwengu nao una chanzo, na chanzo hicho ni Mungu. Akaniuliza, "Na Mungu chanzo chake nini? Kama Yeye anaweza kuwepo bila chanzo, basi hata ulimwengu upo tu, basi." Nikakosa la kusema. Je, hoja imeishia hapo?*

Marahaba. Haijaishia hapo, lakini mwenzako alikushinda kwa haki, maana kisu ulimpa wewe mwenyewe. Sentensi "kila kitu kina chanzo" hutaikuta kwa wanafalsafa wakubwa walioitetea hoja hii, si kwa Ibn Sina, wala kwa Tomaso wa Akwino, wala kwa Leibniz. Waliikwepa kwa makusudi. Ukiisema, umekwisha kusema kwamba Mungu naye ana chanzo, na hoja yako imejikata miguu kabla haijatembea.

Watetezi makini wa hoja hii walisema mambo mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya. La kwanza: kila *kilichoanza* kuwepo kina chanzo. Hii ndiyo hoja ya wanazuoni wa Elimu ya Kalam, yaani teolojia ya Kiislamu, na Ghazali ndiye anayetajwa zaidi. La pili: kila kitu *ambacho kingeweza kutokuwepo* kina maelezo ya kwa nini kipo. Katika sentensi zote mbili neno "kila" limewekewa mpaka, na Mungu hawekwi ndani ya mpaka huo: hakuanza, wala si wa namna inayoweza kutokuwepo. Kama ni kweli hayuko ndani, hilo ni jambo la kubishaniwa, na tutalifikia. Ila swali la "nani alimuumba Mungu" haliigusi hoja ikishasemwa namna hii.

Hoja ya kuanza sitakaa nayo. Inategemea kuthibitisha kwamba ulimwengu ulianza, na hapo watu hukimbilia fizikia na ule umri wa miaka bilioni 13.8. Kinachosemwa kwa uhakika na fizikia ni kwamba ulimwengu umetanuka kutoka hali ya joto kali na msongamano mkubwa. Kama kabla ya hali hiyo hapakuwa na chochote, au palikuwa na kitu kingine, nadharia yenyewe haiamui. Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa nadharia hiyo, hakufurahia kuona fizikia yake ikigeuzwa ushahidi wa dini. Naona alikuwa sahihi. Mwenye hoja nzuri haitundiki juu ya kipimo ambacho huenda kikasahihishwa kesho.

Hoja ya pili haijali kama ulimwengu ulianza au la, na jibu la "upo tu" linailenga hiyo. Basi tukae nayo.

Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mnamo mwaka 980 na kufariki Hamadani mwaka 1037, aliamini kwamba ulimwengu haukuanza. Umekuwepo siku zote. Hata hivyo aliona unahitaji chanzo. Aligawa vilivyopo mara mbili. Kuna ambacho kuwepo kwake ni *wajibu*, hakiwezi kutokuwepo, na kuna ambacho ni *mumkini*, yaani ukikitazama chenyewe hakina ndani yake lolote la kukilazimisha kiwepo au kisiwepo. Neno hilo la pili tunalo nyumbani: "yamkini" yetu ni ya mzizi uleule. Tunaposema "yamkini atakuja" tunamaanisha kuja kwake kunawezekana, na kutokuja pia. Nitaviita vitu hivyo vitu vya yamkini. Kwa "wajibu" nitatumia "lazima", kwa sababu wajibu katika Kiswahili umehamia kwenye majukumu ya mtu.

Hoja yenyewe inakwenda hivi. Chukua vitu vyote vya yamkini, vilivyopo na vilivyowahi kuwepo, viwe vichache au visiwe na idadi, uviweke pamoja kama jumla moja. (Jumla ndilo neno alilotumia Ibn Sina mwenyewe.) Sasa uliza: jumla hii ni ya lazima, au ya yamkini? Ikiwa imeundwa na sehemu ambazo zingeweza kutokuwepo, na bila hizo haipo, basi nayo ni ya yamkini. Kama ni ya yamkini, kuna kinachoeleza kwa nini ipo. Kinachoieleza hakiwezi kuwa mojawapo ya sehemu zake, kwa sababu sehemu hiyo ingekuwa inajieleza na yenyewe. Basi kiko nje ya jumla. Na nje ya jumla ya *vyote* vya yamkini kimebaki kitu cha aina moja tu, kilicho cha lazima.

Angalia jambo moja hapo. Katika hoja hii Ibn Sina haanzi kwa kudai kwamba mnyororo wa vyanzo hauwezi kurudi nyuma bila mwisho. Acha urudi. Swali lake halihusu pete ya kwanza ya mnyororo, linahusu kwa nini kuna mnyororo. Ukilishika hilo, nusu ya pingamizi zinazosemwa mitaani zinaanguka zenyewe.

Leibniz aliliweka jambo hilohilo kwa mfano mwaka 1697. Tuseme kitabu cha jiometri kimekuwepo milele, kila nakala ikinakiliwa kutoka nakala iliyotangulia. Ukiuliza kwa nini nakala hii ina maneno haya, utaambiwa ni kwa sababu ile iliyotangulia ilikuwa nayo. Jibu ni sahihi. Lakini rudi nyuma nakala elfu, rudi milioni, hutafika mahali ambapo umeelezwa kwa nini kuna kitabu cha jiometri hata kidogo, na kwa nini kimeandikwa hivi na si vingine. Kila jibu linakupa kitabu kingine kilekile. Swali halijapungua hata unywele.

Sasa twende kwa mwenzako. Maneno yake yana ukoo. Tarehe 28 Januari 1948 redio ya BBC ilirusha mjadala kati ya padre Mjesuiti Frederick Copleston na mwanafalsafa Bertrand Russell. Copleston alileta hoja hii kwa sura ya Leibniz. Russell alijibu kwamba ulimwengu upo tu, na basi. Hili ndilo ninaloliita jambo lisilo na kwa nini. Lielewe vizuri, kwa sababu watu hulichanganya na unyenyekevu wa kielimu. Russell hakusema "hatujui kwa nini ulimwengu upo". Hilo hata Copleston angekubali lisemwe. Alichodai ni kwamba hakuna la kujua: swali linaweza kutamkwa, lakini upande wa pili wa swali hakuna kitu. Mtu anayesema "sijui" ameacha mlango wazi. Anayesema "upo tu" ameufunga, na anapaswa kueleza amepata wapi ufunguo.

Russell alikuwa na sababu, na moja inastahili kukaa nayo. Alisema Copleston anahamisha sifa ya sehemu kwenda kwa jumla. Kila binadamu ana mama, alisema, lakini haifuati kwamba jamii nzima ya binadamu ina mama.

Kosa hilo lipo kweli. Matofali madogo yanaweza kujenga ukuta mkubwa. Lakini matofali mekundu hujenga ukuta mwekundu. Kwa hiyo huwezi kuikataa hoja kwa kusema tu "umetoka kwenye sehemu ukaenda kwenye jumla". Unapaswa kutazama sifa yenyewe, kama ni ya aina ya udogo au ya aina ya wekundu. Je, uyamkini ni wa aina gani?

Hapa upande wa Mungu hujibu upesi mno, na ningependa wewe usifanye hivyo. Fikiria ghala lenye walinzi kumi. Kila mlinzi mmoja mmoja anaweza kukosekana usiku wa leo. Lakini sharti la kazi ni kwamba lazima *mmoja wao* awepo. Kila mmoja anaweza kutokuwepo, na bado haiwezekani wote wasiwepo kwa pamoja. Vivyo hivyo mtu anaweza kudai kwamba kila kitu ulimwenguni ni cha yamkini, ila ni lazima kuwe na kitu fulani, chochote kile. Kutoka "kila kimoja kingeweza kukosekana" huwezi kuruka moja kwa moja hadi "vyote vingeweza kukosekana pamoja". Pengo hili ni la kweli.

Linazibika, lakini kwa kubadilisha kidogo kinachoulizwa. Usiulize "kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na chochote". Uliza "kwa nini kuna jumla *hii*". Hata kama ni lazima ghala liwe na mlinzi, si lazima awe Juma. Kwamba yuko Juma na si mwingine, hilo ni jambo la yamkini na linaulizika. Ulimwengu wenye maada hii, kwa kiasi hiki, na sheria za nguvu zenye vipimo hivi, ungeweza kuwa na vitu vingine kabisa. Ukiuweka mkazo hapo, mfano wa mama wa Russell haukugusi, kwa sababu huhamishi sifa yoyote. Unaonyesha jumla moja mahususi na kuuliza juu yake.

Pingamizi la pili ni la zamani zaidi, na nadhani ndilo lililo nyuma ya kichwa cha watu wengi wanaosema "upo tu" bila kulitamka. Mwanafalsafa David Hume aliliandika katika mazungumzo yake juu ya dini ya asili, yaliyochapishwa mwaka 1779 akiwa amekwisha kufariki: ukinieleza chanzo cha kila chembe kati ya chembe ishirini, moja moja, haina maana kuniuliza tena chanzo cha zote ishirini. Jumla si kitu cha ishirini na moja. Kwa chembe ishirini amepatia. Ukiuliza kwa nini abiria kumi wamo ndani ya daladala, nikakueleza safari ya kila mmoja, kisha ukauliza "sawa, lakini kwa nini *kundi* lipo?", umeuliza lilelile mara mbili.

Tatizo ni kwamba maelezo ya abiria wale yalikwenda nje ya daladala: huyu anakwenda sokoni, yule anatoka kazini. Je, ikiwa maelezo ya kila sehemu ni sehemu nyingine ya jumla ileile? Mwanafalsafa Alexander Pruss ametoa mfano unaolionyesha kosa bila kuacha shaka, na nitaupitia polepole.

Mzinga unapigwa saa sita kamili mchana. Risasi yake inaruka hewani na kuanguka baada ya dakika moja. Sasa tazama hali za risasi hewani *baada* ya saa sita kamili, bila kuihesabu saa sita yenyewe. Kwa nini risasi ilikuwa mahali fulani, kwa mwendo fulani, sekunde moja baada ya saa sita? Kwa sababu nusu sekunde kabla ya hapo ilikuwa mahali pengine kwa mwendo mwingine, na sheria za mwendo zinafanya hesabu iliyobaki. Na katika ile nusu sekunde? Kwa sababu ya hali yake kwenye robo sekunde. Na kwenye robo? Kwa sababu ya moja ya nane. Unaweza kugawa hivyo bila kikomo. Hakuna hali ya kwanza baada ya saa sita, kwa sababu kila wakati utakaoutaja, nusu yake imetangulia. Basi kila hali ya kuruka imeelezwa na hali iliyotangulia, hakuna hata moja iliyoachwa. Kwa kanuni ya Hume, tumekwisha kueleza safari nzima ya risasi.

Lakini hatujautaja mzinga! Hakuna mtu atakayekubali kwamba kuruka kwa risasi kumeelezwa huku baruti haijatajwa. Kila sehemu imeelezwa na sehemu nyingine, na jumla bado haijaelezwa. Kwa hiyo ulimwengu usio na mwanzo, ambamo kila hali inaelezwa na hali ya jana yake, hauwezi kujivunia kwamba umejieleza. Unaweza kuwa na kwa nini iliyo nje yake, au unaweza kukosa kwa nini, lakini urefu wa mnyororo hausaidii lolote.

Hivyo mwenzako amebakiwa na "upo tu" ikiwa imesimama peke yake, bila kuegemea Hume wala mfano wa mama. Je, inaweza kusimama?

Kimantiki, ndiyo. Nakwambia hivi waziwazi kwa sababu nimeona vijana wakidai kwamba kusema hivyo ni kujipinga. Si kujipinga. Katika sentensi "ulimwengu upo na hakuna maelezo ya kuwepo kwake" hakuna sehemu inayokanusha sehemu nyingine. Hoja ya Ibn Sina inahitaji kanuni kwamba kila cha yamkini kina maelezo. Leibniz aliiita kanuni ya sababu toshelevu. Anayeikataa kanuni hiyo hajavunja sheria ya mantiki. Swali ni bei anayolipa.

Bei ya kwanza: "upo tu" inaruhusiwa kwa ulimwengu pekee, au kwa kitu chochote? Ikiwa jambo la yamkini linaweza kuwa bila kwa nini yoyote, ni kipi kinachozuia mengine yasitokee hivyo hivyo? Hospitali ikipatwa na vifo vitatu usiku mmoja, hakuna daktari anayekubali kuandika "vimetokea tu". Anatafuta, na asipopata anaandika kwamba hakupata. Mwenzako atajibu kwamba ndani ya ulimwengu kuna sheria za maumbile zinazozuia mambo kutokea ovyo, ila ulimwengu mzima hauko chini ya sheria ya mwingine. Ni jibu la heshima. Lakini sheria zenyewe ni sehemu ya kile kilichopo tu. Kwamba zimeshika leo na zitashika kesho, nako hakuna kwa nini. Mwanafalsafa Schopenhauer aliwashutumu watetezi wa hoja ya Mungu kwamba wanapanda kanuni ya vyanzo kama gari la kukodi, wakifika watakako wanalirudisha. Tuhuma hiyo inakata kote kuwili. Anayeuliza "kwa nini" maabara, hospitalini na mahakamani, kisha akashuka garini mlangoni mwa ulimwengu, anapaswa naye aseme kwa nini kituo ni hapo.

Atakutajia fizikia ya kwanta, kama Russell alivyofanya redioni. Chukua atomu za kaboni-14. Katika miaka 5,730 nusu yake huwa zimeoza. Lakini kwa nini atomu hii imeoza leo na jirani yake bado? Kwa tafsiri inayofundishwa zaidi, hakuna kinachoamua. Ni pingamizi zuri, usilipuuze. Linaonyesha kwamba maelezo si lazima yawe ya kulazimisha tokeo. Hata hivyo atomu haiozi kutoka kusikokuwa na chochote: kuna kiini chenye protoni 6 na nyutroni 8, kuna sheria inayotoa uwezekano wa kuoza kwa kila mwaka. Tuna maelezo yasiyolazimisha, hatujakosa maelezo. Ulimwengu wa "upo tu" hauna hata hicho. Tofauti hii iweke akilini, tutaihitaji tena, na safari hiyo haitakuwa upande wako.

Tumefika kwenye swali lenye uzito la mwenzako: kama Mungu anaweza, kwa nini ulimwengu usiweze? Mtetezi makini hasemi kwamba Mungu yupo tu. Anasema Mungu ni wa lazima: hawezi kutokuwepo, na kwa nini yake imo katika asili yake mwenyewe. Hume hakukubali. Chochote unachoweza kukifikiria kipo, alisema, unaweza pia kukifikiria hakipo. Basi hakuna kilicho cha lazima.

Hapo nadhani Hume alikosea. Mwaka 1742 mwanahisabati Goldbach alimwandikia mwenzake Euler dhana ambayo leo tunaisema hivi: kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. 10 ni 3 na 7. 28 ni 5 na 23. Hadi sasa hakuna aliyeithibitisha wala kuikanusha. Naweza kufikiria kwamba ni kweli, na naweza kufikiria kwamba si kweli. Lakini moja kati ya hayo mawili haliwezekani kabisa, kwa sababu ukweli wa hesabu haubadiliki. Basi kuweza kufikiria kitu hakipo si ushahidi kwamba kingeweza kutokuwepo.

Vizuri. Lakini kisu hiki nacho kina makali kuwili. Kama kufikiria hakuthibitishi, umejuaje kwamba *ulimwengu* ungeweza kutokuwepo? Ulichonacho ni kufikiria tu. Hume mwenyewe aliliona: kwa nini maada isiwe ndiyo kitu cha lazima? Kwa hiyo mwenzako ana mlango wa tatu ambao huenda hajauona. Si lazima aseme "upo tu". Anaweza kusema "ni wa lazima". Spinoza, mwanafalsafa wa Uholanzi wa karne ya 17, alipita karibu na hapo. Hakikisha unamuuliza anachagua upi, kwa sababu watu huhama kutoka mmoja kwenda mwingine bila kujua, na ubishi unakuwa wa kukimbizana. Akichagua ulazima, atalazimika kukubali kwamba kila chembe, kila kipimo cha nguvu, hata mvua iliyonyesha jana, havingeweza kuwa vinginevyo. Wachache wako tayari kwa hilo.

Na sasa upande wako, maana nawe una deni kama hilo, na ndilo kubwa kuliko yote niliyoyataja. Mwanafalsafa Peter van Inwagen alilieleza kwa uwazi mwaka 1983. Chukua kweli zote za yamkini, zote kabisa, uziunganishe kuwa kauli moja ndefu. Kanuni yako inasema ina maelezo. Maelezo hayo ni ya lazima, au ya yamkini? Yakiwa ya yamkini, yamo ndani ya kauli ileile ndefu, basi yanajieleza yenyewe, jambo ulilokwisha kulikataa. Yakiwa ya lazima, na yakitosha kabisa kuleta yale yanayoyaeleza, basi yanayoelezwa nayo ni ya lazima. Kinachotoka kwa lazima katika cha lazima hakiwezi kukosa kuwa. Uyamkini wote umefutika. Umetaka kumkimbia Spinoza na umeingia nyumbani kwake.

Kwa mfano wa kawaida: tuseme umeniambia ulimwengu upo kwa sababu Mungu aliuchagua. Je, angeweza kuchagua vinginevyo? Ukisema hapana, ulimwengu ni wa lazima. Ukisema ndiyo, uchaguzi wake ni wa yamkini, nami nauliza kwa nini alichagua huu. Ukinitajia hekima yake, nitauliza kama hekima hiyo ilimlazimisha. Popote utakaposimama, ama ulazima umekumeza, ama umefika kwenye jambo ambalo mwishoni unasema "alichagua tu".

Jibu bora nilijualo ni kurudi kwenye atomu ya kaboni: maelezo si lazima yalazimishe. Mtu mwenye sababu nzuri za kwenda na sababu nzuri za kubaki, akienda, kwenda kwake kumeelezwa na sababu za kwenda, ingawa hazikumlazimisha. Pruss anatetea hivyo, na mimi nakubali kwamba ni maelezo halisi. Lakini hayajibu kwa nini kwenda *badala ya* kubaki. Anayelitumia jibu hili amekubali kwamba kuna swali moja la "kwa nini hivi badala ya vile" lisilo na jibu kamili. Na hapo hawezi tena kumwambia mwenzake kwamba kila swali la kwa nini lina jibu linalolimaliza.

Ndiyo maana nadhani mizani haijalala chini kabisa upande wowote, ila haiko sawasawa. Anayesema "upo tu" anakatiza maswali kwenye kitu chenye sehemu nyingi na vipimo vingi, ambavyo kila kimoja kinaulizika kwa nini kiko hivyo. Anayesema "Mungu alichagua" anakatiza kwenye uchaguzi wenye sababu nyuma yake, ingawa sababu zisizolazimisha. Kwangu mahali pa pili ni pazuri zaidi pa kukatiza. Mwenzako anaweza kupima vilevile na kusema kwamba kuongeza kitu cha lazima, ambacho hakuna aliyewahi kukiona, ili kupunguza mafumbo, ni kununua kwa bei ghali kuliko faida. Simwoni kuwa mpumbavu kwa kupima hivyo.

Ukirudi kwake, basi, iondoe kwanza ile sentensi ya "kila kitu kina chanzo" na umwambie umeiondoa. Kisha mwombe achague: ulimwengu hauna kwa nini, au ni wa lazima, au kwa nini yake haijulikani? Akijibu la tatu, hamna ubishi, mnatafuta pamoja. Akijibu la kwanza, muulize mpaka wa "upo tu" uko wapi na nani ameuweka. Naye akikuuliza kama Mungu angeweza kutoumba, usikimbie swali hilo, kwa sababu ndilo zuri kuliko lile la kwanza alilokuuliza.

Na usimalize kwa kusema "na chanzo hicho ni Mungu", kama ulivyofanya mara ya kwanza. Hoja yote hii, hata ikikubaliwa neno kwa neno, inafika kwenye kitu cha lazima kilicho nje ya vyote vya yamkini. Kama ni kimoja au vingi, kama kinajua, kama kinataka, kama kinasikia dua, hayo hayajasemwa. Ibn Sina alijua hivyo na akaandika hoja nyingine baada ya hii: kwamba vitu viwili vya lazima vingehitaji kitu cha kuvitofautisha, na chenye nyongeza ya kukitofautisha kina sehemu, na chenye sehemu kinategemea sehemu zake, kwa hiyo si cha lazima. Hatua hiyo ya umoja ina pingamizi zake na inahitaji jioni nyingine nzima. Mwenzako akikubishia hadi hapo, mmefika mbali kuliko wengi.